Darubini ya milimita 70, 130 au 200: ipi itakufaa pwani ya Lamu na Malindi

Mtu wa Lamu au Malindi anayetaka darubini yake ya kwanza ya kutazamia nyota mara nyingi hukwama kati ya tatu. Ya kwanza ni ya lenzi, yenye mdomo wa milimita 70. Ya pili ni ya kioo, milimita 130, fupi, inayowekwa juu ya meza. Ya tatu ni ya kioo cha milimita 200, ile wanayoiita ya inchi nane, inayosimama sakafuni juu ya kitako cha mbao cha mtindo wa Dobson. Zote tatu ni darubini za kweli na kila moja ina watu wake.

Swali ambalo wauzaji hulitanguliza, "inakuza mara ngapi?", naliweka kando mapema. Ukuzaji hubadilika ukibadilisha lenzi ndogo ya jichoni, na yeyote anaweza kuuza lenzi hiyo. Boksi la darubini ya milimita 70 lililoandikwa mara 525 linaahidi picha kubwa, yenye giza na isiyo na ukali. Kikomo chenye maana ni kama mara mbili kwa kila milimita ya kipenyo, yaani mara 140 kwa darubini hiyo. Upana wa mdomo ndio usiobadilika ukishalipa, na ndio unaoamua utaona vitu hafifu kiasi gani.

Kwa hiyo nitazilinganisha kwa mambo manne: mwanga zinaokusanya, zinachoonyesha kwenye vitu viwili hafifu vinavyopita juu ya pwani yetu, urahisi wa kuzibeba na kuziweka tayari, na jinsi zinavyovumilia chumvi na unyevu wa bahari. La kwanza lina uzito kuliko mengine, kwa hiyo nalipa nafasi yake kwanza.

Mwanga unakusanywaje

Mwanga wa nyota hutuangukia kama mvua kwenye madari ya nyumba za mawe: kila shubiri ya dari hupata sawa na jirani yake, na dari pana hujaza jabia upesi kwa sababu maji yake yote huishia kwenye mlizamu mmoja. Kioo kikuu cha darubini ndiyo dari, na mlizamu ni ule mwali mwembamba unaoingia jichoni.

Bila darubini, dari yako ni mboni. Kwa kijana aliyekaa gizani hadi macho yakazoea, mboni hufunguka hadi kama milimita 7. Kwa mtu mzima huenda ikaishia 5. Kinachohesabiwa ni eneo, na eneo hukua kwa kipenyo mara kipenyo. Mdomo wa milimita 70 una kipenyo mara kumi ya mboni ya kijana, kwa hiyo unapokea mwanga mara 100. Wa milimita 130 unapokea mara 345 hivi, na wa milimita 200 mara 816. Hapo ndipo siri ya vioo vikubwa ilipo: kutoka 70 hadi 200 upana haujafika hata mara tatu, lakini mwanga umezidi mara nane.

Hesabu hiyo ni ya mdomoni tu. Njiani kuna upotevu, na haki inataka tuupunguze kwa zote. Darubini ya kioo ina vioo viwili: kikuu chini ya bomba, na kidogo cha mshazari karibu na mdomo, kinachougeuza mwanga utoke ubavuni. Hicho kidogo huziba sehemu ya mwanga unaoingia, kama asilimia 8 kwa ya 130 na asilimia 6 kwa ya 200. Kisha kila kioo chenye utando wa kawaida wa alumini hurudisha takriban asilimia 88 ya mwanga, na kwa vioo viwili hubaki kama 77. Lenzi nzuri iliyopakwa dawa ya kuzuia mng'ao hupitisha karibu asilimia 95. Ukishatoa hayo yote, inayobaki ni mara 95 kwa ya lenzi, mara 244 kwa ya 130 na mara 590 kwa ya 200. Ile mara nane kati ya ndogo na kubwa imeshuka hadi sita, ambayo bado ni tofauti kubwa.

Wanajimu hupima mwangaza kwa madaraja, na daraja kubwa ni nyota hafifu zaidi. Tangu pendekezo la Norman Pogson mwaka 1856, madaraja matano ni tofauti ya mara 100 kamili, yaani kila daraja ni kama mara mbili na nusu. Macho matupu penye giza zuri hufika daraja la 6. Mara 95 inakupeleka karibu na la 11, mara 244 hadi la 12, mara 590 karibu na la 13. Shika namba hizo tatu, 11, 12 na 13, kwa kuwa ndizo zitakazoamua mengi hapa chini.

Mtu atauliza: kama lenzi haipotezi mwanga mwingi, kwa nini isitengenezwe lenzi kubwa? Lenzi hushikwa pembeni tu, kwa sababu mwanga sharti upite katikati, na ikiwa nzito huinama kwa uzito wake yenyewe. Lenzi ya kituo cha kutazamia nyota cha Yerkes, Marekani, iliyoanza kazi mwaka 1897, ina upana wa kama mita moja, na hadi leo hakuna darubini ya lenzi ya utafiti iliyoizidi. Kioo hushikwa mgongo mzima, tena kinaweza kuungwa vipande: darubini kubwa ya SALT iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ina vipande 91 vya mita moja moja, vinavyofanya uso wa kama mita 11 kwa 10.

Nyota ni jambo moja, galaksi ni jingine

Hapa ndipo wanunuzi wengi huhuzunika baadaye, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyota ni nukta. Mwanga wote uliokusanywa hurudi kuwa nukta, hata ukikuza. Anga ya nyuma yake huwa na giza zaidi kila ukuzaji unapopanda, lakini nyota haipungui kwa kiasi hicho. Ndiyo sababu kila milimita ya kioo hulipa moja kwa moja kwenye nyota.

Galaksi, yaani makundi makubwa mno ya nyota yaliyo mbali, na nebula, yaani mawingu ya gesi na vumbi angani, zina uso. Ukiukuza uso, unautandaza mwanga wake. Chukua darubini zote tatu kwa ukuzaji wa mara 50. Mwali unaotoka kwenye lenzi ya jichoni una upana wa kipenyo cha mdomo gawanya kwa 50: milimita 1.4 kwa ya 70, 2.6 kwa ya 130, na 4 kwa ya 200. Galaksi inaonekana kwa ukubwa uleule katika zote, lakini katika ya 200 uso wake una mwanga mara sita wa ile ndogo. Unaweza kuulazimisha mwali wa darubini ndogo nao uwe milimita 4, kwa kushusha ukuzaji hadi mara 17 au 18. Mwanga wa uso utarudi, ila galaksi itakuwa kipunje, na jicho gizani hutambua doa pana hafifu kwa wepesi kuliko doa dogo hafifu.

Na kuna kikomo ambacho hakuna kioo kinachokivuka: darubini haiwezi kuufanya uso wa galaksi ung'ae kuliko unavyong'aa kwa macho matupu, kwa sababu mwali mpana kuliko mboni humwagika pembeni. Kioo kikubwa hukupa uso uleule kwa ukubwa zaidi. Rangi za picha za magazeti usizitarajie katika yoyote kati ya hizi tatu.

Vitu vyangu viwili vya kupimia ni hivi. Cha kwanza ni Omega Centauri, rundo la mviringo lenye nyota kama milioni kumi, umbali wa takriban miaka ya mwanga 17,000. Ptolemy aliliorodhesha kama nyota, na Edmond Halley akalitambua mwaka 1677, akiwa kisiwani Mtakatifu Helena, kuwa si nyota ya kawaida. Lote kwa pamoja lina daraja la 4 hivi, kwa hiyo macho matupu hulipata. Ila nyota zake angavu zaidi, moja moja, zinaanzia daraja la 11 na nusu. Kutoka Lamu hupanda hadi nyuzi 45 upande wa kusini. Anzia kwenye nyota mbili angavu zinazouelekea Msalaba wa Kusini, Alfa na Beta za Centaurus: piga mstari kutoka Beta hadi Epsilon iliyo juu yake, uuendeleze karibu umbali uleule. Cha pili ni galaksi ya Sombrero, M104, yenye daraja la 8, ambayo kwetu hupita karibu na utosi. Zote mbili huwa juu usiku mmoja: alfajiri ya Februari, au usiku wa manane mwishoni mwa Machi, kabla masika hayajafunga anga. Omega hurudi kuonekana jioni za Julai, wakati wa kusi.

Ya lenzi, milimita 70

Mwanga wake hufika daraja la 11, na Omega Centauri inaanzia 11 na nusu. Matokeo yake ni hayo hayo hesabu inayoyasema: rundo huonekana kama wingu la duara, laini, lisilo na chembe. Nahodha mmoja wa Shela alipoliangalia kwa darubini hii alisema, "Naona moshi tu." Aliona sawasawa. Sombrero huonekana kama kijistari kirefu chenye ukungu, na tena gizani tu. Kwa upande mwingine, mwezi, pete za Zohali, miezi minne mikubwa ya Mshtarii na Kilimia nzima kwa ukuzaji mdogo haviombi mwanga mwingi, na lenzi hii huvionyesha kwa uzuri ambao hauna cha kuonea haya.

Kuibeba ni kazi ya mkono mmoja, kilo chache pamoja na miguu yake mitatu. Udhaifu wake uko kwenye miguu hiyo: ni myembamba, na kusi likivuma juu ya dari nyota hucheza. Ishushe miguu iwe mifupi, ukae chini, au ujikinge na ukuta wa dari.

Kwa hewa ya bahari ndiyo yenye subira kuliko zote. Kioo cha lenzi hakiliwi na chumvi kama alumini, na bomba limefungwa. Adui yake ni kuvu, linaloonekana kama nyuzi za buibui ukimulika tochi ndani. Ihifadhi kwenye sanduku linalofungwa vizuri, pamoja na vifuko vya kukausha unyevu.

Ya kioo, milimita 130, ya mezani

Daraja la 12 linaivusha mstari wa Omega Centauri kwa nusu daraja. Kwa ukuzaji wa mara 65 ukingo wa rundo huanza kuwa na chembechembe, hasa ukitazama kwa pembe ya jicho, huku katikati pakibaki moshi. Sombrero inakuwa doa refu lenye kitovu, bila shaka yoyote kuwa ni galaksi. Kwa mtu anayetaka kuelewa kwa macho yake kwamba kioo kikipanuka vitu hafifu hutokea, tofauti ya hii na ya 70 inafundisha kuliko maandishi.

Uzito wake ni kama kilo sita, inaingia kwenye mkoba mkubwa na kupanda boti la Mokowe mapajani. Inataka meza imara, na hapo watu hukosea: meza ya plastiki hutikisika hata kwa pumzi. Baraza ya mawe au ukuta mfupi wa dari ni bora mara nyingi.

Inahitaji vioo vyake vilinganishwe, na kwa kuwa bomba lake ni fupi kulingana na upana, kosa dogo huonekana upesi. Namna ya kujua ni hii: elekeza nyota angavu, izungushe kitasa cha kulenga hadi nyota iwe sahani yenye tundu jeusi. Tundu hilo ni kivuli cha kioo kidogo. Likiwa katikati, vioo viko sawa. Likiegemea upande, rekebisha skrubu za kioo kikuu kidogo kidogo hadi lirudi katikati.

Ya kioo, milimita 200, ya kitako cha Dobson

Daraja la 13 ni daraja moja na nusu chini ya nyota angavu za Omega Centauri, na hapo jambo hubadilika kabisa. Kwa mara 120 rundo hupasuka likawa nyota, kutoka ukingoni hadi ndani ya kitovu, nyingi kuliko jicho linavyoweza kufuata. Nahodha yule yule, kwenye hii, alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hizi ni nyota, bwana. Chungu nzima." Kwenye Sombrero, penye giza na hewa tulivu, ule mstari mweusi wa vumbi unaoikata huanza kuonekana.

Gharama yake ya pili baada ya fedha ni mwili. Bomba lina urefu wa karibu mita 1.2, na pamoja na kitako uzito hufika kama kilo 20. Ngazi za nyumba za Mji wa Lamu ni nyembamba na zenye kona. Pima kona kabla ya kununua. Inabebwa kwa safari mbili, bomba peke yake na kitako peke yake. Ikishatua haitikisiki, ingawa bomba refu hushika upepo.

Chumvi ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi hapa na kwa ya 130. Utando wa alumini una unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, na pamoja na kinga yake ya juu bado hutobolewa na chumvi yenye unyevu. Utaona vitone visivyotoka kwa kuoshwa. Tuseme kila kioo kimeshuka kutoka asilimia 88 hadi 80: kwa viwili, mwanga unashuka kutoka 77 hadi 64. Darubini ya 200 sasa inakusanya kama ya 182, na umepoteza moja ya tano ya daraja. Hilo linavumilika, kwa hiyo usikimbilie kusugua. Kanga kavu juu ya chembe za chumvi hukwaruza, na mkwaruzo hauponi. Mwaga maji safi, kisha maji yaliyochujwa kwa mvuke, ukiacha pamba iliyolowa ipite bila kukandamizwa. Kitako nacho mara nyingi ni cha mbao za vumbi, ambazo huvimba. Paka rangi kingo zake na usikiweke moja kwa moja kwenye sakafu yenye unyevu.

Kwa nyumba zenye kiyoyozi kuna tahadhari moja inayozihusu zote. Kioo au lenzi ya baridi ikitolewa nje kwenye joto la pwani hufunikwa na umande papo hapo. Iache ndani ya mfuko wake nje kwa nusu saa kwanza.

Giza la mahali

Kioo hukusanya kila kinachofika, pamoja na mwanga wa taa uliotawanyika angani. Katikati ya mji wa Malindi, ya 200 huliongeza doa la Sombrero na kuiongeza anga iliyo nyuma yake kwa kiasi kilekile, na tofauti kati yao haipanuki. Kwa galaksi na nebula, ya 70 iliyopelekwa kwenye matuta ya mchanga ya Shela, au Marafa, inaweza kuishinda ya 200 iliyobaki mjini. Kwa nyota za Omega Centauri mambo ni nafuu: panda ukuzaji, anga itafifia, nukta zitabaki.

Na kisichofika hakikusanywi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini kaskazini ya Malindi, ili kupima eksirei za nyota, kwa sababu hewa huzizuia zote zisifike chini. Mwanga wa kawaida nao hulipa kodi hiyo kwa sehemu. Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, kwetu halipandi zaidi ya nyuzi 23 hivi, na mwanga wake hupita kwenye hewa zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya utosini. Litazame linapokuwa kusini kabisa, si kabla wala baada.

Kwa hali yako

Kama unaishi ghorofani katika Mji wa Lamu, una watoto wanaotaka kuona mwezi na Zohali, na darubini itapandishwa darini na yeyote aliye nyumbani, ya 70 itatumika usiku mwingi kuliko nyingine. Tumia sehemu ya akiba kununua miguu imara.

Kama uko Malindi mjini na huna budi kusafiri ili upate giza, kwa tuktuk au matatu, chukua ya 130. Inafika, inawekwa juu ya ukuta, na inatosha kuonyesha kwamba Omega Centauri si moshi. Jifunze kulinganisha vioo kabla ya kuondoka nyumbani, mchana, kwa nyota ya bandia ya mng'ao wa jua kwenye goroli ya chuma iliyo mbali kidogo, jua likiwa nyuma yako na darubini isielekezwe kwake kamwe.

Kama nyumba yako ina ua au baraza ya chini, Shela, Mambrui au kwingineko penye giza, na unachokipenda ni marundo ya nyota na galaksi, hakuna namna ya kuipata daraja la 13 kwa kioo kidogo. Ya 200 ndiyo yako, mradi kuna chumba kikavu cha chini cha kuihifadhi.

Kwa shule au madrasa inayotaka darubini moja kwa watoto wengi, ningeangalia nani ataitunza. Akiwepo mwalimu wa kuosha kioo vizuri na kukilinganisha, ya 200 ni imara na watoto hawaisukumi kwa urahisi. Asipokuwepo, ya lenzi itakuwa bado inafanya kazi baada ya miaka mingi ya kaskazi na kusi.